Mkojo wa mtoto: chupa moja ya siro si dozi

Katika sento nyingi za afya za mashariki mwa Kongo, njia ya mtoto mwenye mwili wa kuchoma inajulikana. Kipimo cha palu kinafanywa kwanza. Kikitoka kibaya, mtoto anapewa dawa ya palu. Kikitoka kizuri, linakuja neno tifoide, au koo, au meno yanayoota. Mkojo unafikiriwa mwisho kabisa, siku ya tano au ya sita, wakati mama amekwisha kununua siro mbili kwenye farmasi ya avenue. Na siku hiyo mkojo ukichukuliwa, hauwezi tena kusema ukweli, kwa sababu antibiotiki imekwisha kuufunga mdomo.

Hapo ndipo kosa linapoanza. Ugonjwa wa njia ya mkojo kwa mtoto mdogo unatibika vizuri, na kwa dawa ambazo nyingi zinapatikana Bukavu, Goma, Uvira na Bunia. Kinachoharibu ni mambo matatu: kutibu bila kupima mkojo, kutoa dawa kwa kijiko badala ya kwa kilo, na kumweka mtoto kwenye dawa ya kinga kwa miezi bila sababu.

Mfano ni mtoto wa kike wa miezi 14, mwenye kilo 10, anayeishi na wazazi wake katika komine ya Kadutu, Bukavu. Anachoma mwili kwa siku tatu, anatapika mara moja moja, hataki uji, na usiku analia. Hana kikohozi, hana kuhara, masikio yake ni mazuri. Kipimo cha palu hakikuonyesha kitu. Mtoto wa umri huu hawezi kusema kwamba anasikia maumivu akikojoa. Homa isiyo na sababu nyingine inaweza kuwa alama pekee anayoitoa, na kwa mtoto wa kike aliye chini ya miaka miwili, homa kama hiyo ni sababu ya kutosha ya kutafuta mkojo.

Hata kipimo cha palu kingeonyesha kitu, swali lisingekwisha. Katika maeneo ambako palu iko kila siku, mtoto anaweza kuwa na vimelea katika damu huku homa yake ikitoka kwenye figo. Akipewa dawa ya palu vizuri na baada ya siku mbili bado anachoma, mkojo unapaswa kuchukuliwa, si kurudia dawa ya palu.

Kuchukua mkojo ndiko kunakoamua kila kitu kinachofuata. Mfuko wa plastiki unaobandikwa kwenye sehemu za siri unatumika sana kwa sababu ni rahisi, lakini mkojo wake unapita juu ya ngozi na kuokota mikrobe zilizokuwa hapo. Mkojo wa mfuko ukitoka msafi, jibu hilo lina thamani: ugonjwa huenda haupo. Ukitoka mchafu, hauthibitishi kitu. Watoto wengi wanaandikiwa antibiotiki kwa sababu ya mikrobe za ngozi ambazo hazikuwa na hatia yoyote.

Njia bora bila chombo cha bei ni kuudaka mkojo ukiwa njiani. Mtoto ananyonyeshwa au anapewa maji, anaoshwa sehemu za siri kwa maji safi, kisha mama anamshika bila pampa huku muuguzi akisubiri na kopo safi la labo. Kwa mtoto mchanga, kusugua polepole chini ya kitovu kwa kitambaa safi kilicholowa maji baridi kunasaidia mkojo kutoka upesi. Madaktari wa Australia walilijaribu jambo hilo na kulitangaza mwaka 2017: ndani ya dakika tano, watoto waliosuguliwa walikojoa zaidi kuliko wale waliosubiriwa tu. Mtoto akiwa hali mbaya na hakuna wakati wa kusubiri, muuguzi anaingiza mrija mwembamba na kutoa mkojo moja kwa moja kutoka kwenye kibofu.

Kwenye sento ya afya, kijikaratasi cha rangi kinachotumbukizwa katika mkojo kinatosha kwa uamuzi wa kwanza. Kinaangaliwa sehemu mbili. Moja inaonyesha chembe nyeupe za damu, yaani askari wa mwili waliokimbilia njia ya mkojo. Nyingine inaonyesha nitriti, kitu kinachotengenezwa na mikrobe nyingi za tumboni zikikaa na mkojo. Nitriti ikitokea, ugonjwa ni karibu hakika. Isipotokea, mtoto mdogo bado hajaponyoka, kwa sababu mikrobe zinahitaji karibu saa nne ndani ya kibofu kutengeneza nitriti ya kuonekana, na mtoto wa miezi 14 anakojoa mara nyingi kuliko hapo. Kwa hiyo chembe nyeupe pamoja na homa zinatosha kuanza dawa, hata kama nitriti haipo.

Kabla ya dozi ya kwanza, kopo la pili linapaswa kwenda kwenye labo ya hospitali inayoweza kuotesha mikrobe na kuzijaribu dhidi ya dawa. Jibu linachukua siku mbili au tatu. Mkojo ukikaa mezani saa tatu kwenye joto, mikrobe chache zinazaana na kuwa nyingi, na labo inaandika ugonjwa usiokuwapo. Unapaswa kufika ndani ya saa moja, au kukaa kwenye friji. Katika mkojo uliodakwa vizuri, labo ikihesabu mikrobe 100.000 za aina moja katika mililita moja, ugonjwa umethibitishwa. Ikikuta aina tatu zimechanganyika, hiyo ni kopo chafu, na kazi inaanza upya.

Dawa gani basi? Mara nane au tisa kati ya kumi, mikrobe inayohusika ni Escherichia coli, mkaaji wa kawaida wa matumbo. Hapa siro ya amoksilini peke yake, ambayo mama wengi wanaijua kwa rangi yake, inashindwa mara nyingi, kwa kuwa E. coli nyingi zimejifunza kuivunja. Kotrimoksazole, ile wengi wanayoiita Baktrimu, nayo imepoteza nguvu sehemu nyingi za Afrika. Bado inaweza kuchaguliwa kama labo imesema mikrobe ya mtoto huyu inaisikia. Lakini mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi vya ukimwi, na ambaye tayari anameza kotrimoksazole kila siku kwa kinga, hapaswi kutibiwa kwa dawa hiyo hiyo: mikrobe iliyomfikisha kwenye homa imepita mbele yake.

Kwa mtoto wa Kadutu, anayemeza vizuri na asiye na alama za hatari, chaguo mbili zinasimama: sefiksime, au amoksilini iliyochanganywa na asidi klavulaniki, kitu kinachozuia mikrobe kuivunja amoksilini. Nitrofurantoini ni dawa nzuri ya kibofu, lakini haifiki kwa wingi katika nyama ya figo. Mtoto mwenye homa lazima achukuliwe kana kwamba figo zimeguswa, kwa hiyo nitrofurantoini si yake. Siprofloksasini nayo ibaki akiba ya munganga mwenye jibu la labo mkononi. Kuitoa kwa kila homa inayoitwa tifoide ndiko kunakoimaliza.

Wazazi wengi wanaamini kwamba sindano ni nguvu kuliko siro, na baadhi ya sento zinapenda kuwafuata kwa sababu sindano inalipwa. Jambo hili lilipimwa zamani. Mwaka 1999, huko Amerika, watoto 306 wa kati ya mwezi mmoja na miaka miwili waligawanywa: wengine walipewa sefiksime ya kunywa tangu siku ya kwanza, wengine walianza na sindano ya mshipa. Homa iliisha kwa wakati ule ule, na makovu ya figo hayakutofautiana. Sindano ni ya mtoto anayetapika kila kitu, asiyenyonya, aliyelegea, aliyepata degedege, au aliye chini ya miezi miwili. Huyo wa mwisho anakwenda hospitalini siku hiyo hiyo, anapewa ampisilini na jentamisini, na hakuna farmasi yenye haki ya kumshika.

Sasa dozi. Mtoto anawekwa kwenye mizani kwanza, bila viatu na bila pampa iliyolowa. Sefiksime hutolewa miligramu 8 kwa kila kilo, mara moja kwa siku. Kilo 10 mara 8 ni miligramu 80. Siro ya kawaida ina miligramu 100 katika mililita 5, kwa hiyo mtoto anapata mililita 4, zilizopimwa kwa serengi isiyo na sindano. Amoksilini na asidi klavulaniki hutolewa, kwa kipimo kimoja kinachotumika sana, miligramu 25 za amoksilini kwa kila kilo, asubuhi na jioni. Kwa kilo 10 hizo ni miligramu 250 kila mara, yaani mililita 5 za siro yenye miligramu 250 katika mililita 5.

Hapa hesabu ya chupa inaonyesha ubaya wake. Mililita 5 mara mbili ni mililita 10 kwa siku. Kwa siku saba zinahitajika mililita 70. Chupa nyingi zina mililita 60. Mama aliyefuata maagizo kwa uaminifu anafika mwisho wa siku ya sita na chupa tupu, na kwa kuwa mtoto anacheza, hanunui nyingine. Muuzaji aliyemwambia «chupa moja, mama, atapona» hakuhesabu siku, alihesabu chupa. Mtoto mwingine wa kilo 15 akipewa mililita 5 zile zile, anapata karibu miligramu 17 tu kwa kila kilo. Dawa hiyo inashusha homa bila kumaliza mikrobe, na zinazobaki ni zile zilizo ngumu zaidi.

Kijiko cha nyumbani nacho si kipimo. Kila jikoni lina chake, na kile cha jirani kinaweza kubeba nusu zaidi. Unga wa siro unapaswa kuongezwa maji yaliyochemshwa na kupozwa hadi kwenye mstari wa chupa, si zaidi, na chupa inatikiswa kabla ya kila dozi. Siro ya asidi klavulaniki ikishachanganywa inataka friji na inadumu karibu wiki moja tu. Katika mitaa ambako umeme unakuja usiku na kuondoka alfajiri, hilo ni tatizo la kweli, na ni sababu nzuri kwa munganga kuandika sefiksime, au vidonge vinavyoyeyuka katika maji, badala ya siro itakayoharibika dirishani.

Siku ngapi? Kwa ugonjwa wenye homa, siku saba hadi kumi ndizo zinazotumika sana. Kwa mtoto mkubwa mwenye maumivu ya kibofu tu, bila homa, siku tatu hadi tano zinatosha. Wako wanaosema siku tano zinatosha kwa wote. Uchunguzi mmoja wa Amerika uliotangazwa mwaka 2023 uliwafuata watoto 664 waliokuwa wamepata nafuu siku ya tano: nusu waliacha, nusu waliendelea hadi siku ya kumi. Ugonjwa ulirudi au uliendelea kwa karibu 4 kati ya 100 ya walioacha, na chini ya mmoja kati ya 100 ya walioendelea. Uchunguzi mwingine, wa Italia, ulikuta siku tano za amoksilini na asidi klavulaniki hazikuwa mbaya kuliko kumi. Maana yake ni kwamba kozi fupi inaweza kufaa kwa mtoto aliyepona haraka na anayerudi kuonekana. Haimaanishi kwamba chupa iliyokwisha mapema ni sawa. Katika mazingira ambamo mama hana hakika ya kurudi, na labo ya kuotesha iko mbali, siku saba kamili ndizo kiwango cha busara.

Homa inapaswa kushuka ndani ya saa 48. Isiposhuka, kuongeza siro nyingine juu ya ile ya kwanza hakusaidii. Jibu la labo linatafutwa, mtoto anapimwa upya na anafanyiwa ekografi ya figo, kwa sababu huenda mikrobe haisikii dawa, au kuna usaha, au njia ya mkojo imezibwa. Akipona vizuri, hakuna haja ya kurudia kupima mkojo ili kuona kama umesafika. Kipimo hicho cha pili mara nyingi kinaokota mikrobe zisizo na madhara na kumrudisha kwenye dawa asiyoihitaji.

Mtoto wa Kadutu alipona. Kama mfano unavyoendelea, miezi minne baadaye homa inarudi, mkojo unathibitisha ugonjwa kwa mara ya pili, anatibiwa tena. Baba anauliza: «Munganga, hakuna dawa ya kuzuia, apate kidogo kidogo kila siku?» Swali ni la haki. Jibu linalotolewa mara nyingi, la ndiyo kwa kila mtoto, si sahihi.

Dawa ya kinga ipo, na dozi yake ni ndogo kweli. Kwa kotrimoksazole, matibabu ni miligramu 4 za trimetoprimu kwa kila kilo, mara mbili kwa siku. Kwa kinga ni miligramu 2 kwa kila kilo, mara moja, usiku wakati wa kulala, ili dawa ikae na mkojo kwenye kibofu hadi asubuhi. Mtoto wa kilo 10 anayepata mililita 10 kwa siku akiwa mgonjwa, kwa kinga anapata mililita 2 na nusu. Ni robo. Kwa hiyo mtoto anayechoma mwili hawezi kutibiwa kwa dozi ya kinga, na aliyekuwa kwenye kinga akipata ugonjwa, anahitaji dawa nyingine kwa dozi kamili, si kuongezewa ile ile.

Je, inasaidia? Kidogo. Huko Australia, watoto 576 waliokwisha kuugua walifuatwa kwa mwaka mmoja, na matokeo yalitoka mwaka 2009: waliougua tena walikuwa 13 kati ya 100 kwa waliopata kotrimoksazole, na 19 kati ya 100 kwa waliopata dawa ya bandia. Huko Amerika mwaka 2014, watoto 607 ambao mkojo wao hurudi nyuma kutoka kibofuni kwenda kwenye figo walifuatwa kwa miaka miwili. Kinga ilipunguza kurudi kwa ugonjwa karibu kwa nusu. Lakini makovu ya figo, yale ambayo kila mzazi anayaogopa, yalikuwa sawa pande zote mbili. Na kwa watoto waliougua tena kwa E. coli, mikrobe isiyosikia kotrimoksazole ilikutwa kwa 63 kati ya 100 waliokuwa kwenye kinga, dhidi ya 19 kati ya 100 ya wengine.

Takwimu hizo zinapaswa kusomwa kwa macho ya hapa. Katika nchi ambako dawa inayofuata inapatikana katika farmasi yoyote, mikrobe sugu ni usumbufu. Kule Fizi au Walikale, ambako dawa inayofuata inaweza kuwa sindano ya hospitali iliyo mwendo wa siku moja, mikrobe sugu ni hatari. Zaidi ya hapo, watoto wengi wa Kongo wana upungufu wa kimeng'enya cha G6PD katika damu. Kwa hao, kotrimoksazole na nitrofurantoini zinaweza kupasua chembe nyekundu. Mtoto anakuwa mweupe viganjani, macho yanageuka njano, mkojo unakuwa kama koka. Dawa inasimamishwa saa hiyo hiyo. Miezi kumi na miwili ya hatari hiyo haipaswi kuandikwa kwa mkono mwepesi.

Kinga ina nafasi yake kwa wachache: mtoto mwenye mkojo unaorudi nyuma kwa kiwango kikubwa, au ambaye ekografi imeonyesha figo na mirija iliyopanuka, na anaugua tena na tena. Hao wanafuatwa na munganga wa watoto, kwa muda uliowekwa, na tarehe ya kuacha ikiwa imeandikwa tangu mwanzo.

Kwa mtoto wa Kadutu, ekografi ilionyesha figo nzuri. Alichokuwa nacho ni choo kigumu, mara mbili kwa wiki, tangu aache kunyonya vizuri na kuanza kula bugali mtupu. Utumbo uliojaa unabana kibofu, mkojo unabaki chini, na mikrobe zinapata bwawa la kuzaana. Kwa mtoto kama huyo tiba ya kuzuia ni maji mara nyingi kwa siku, papai, sombe na maharagwe, dawa ya kulainisha choo ikihitajika, kubadilishwa pampa mapema na kupanguswa kutoka mbele kwenda nyuma. Akikua, afundishwe kutozuia mkojo, hata kama choo cha shule kinanuka. Na barua moja iandikwe kwenye karatasi yake ya afya: homa yoyote isiyo na sababu, mkojo upimwe siku hiyo hiyo.

Yote haya hayahitaji mashine mpya. Yanahitaji mizani inayofanya kazi, kopo safi, vijikaratasi vya mkojo na serengi ya kupimia siro. Zoni ya afya inayokagua farmasi ingeweza kuanza na swali moja kwa kila muuzaji: mtoto huyu ana kilo ngapi? Asiyejua jibu hana haki ya kuuza antibiotiki ya mtoto.